Kabla hujaandika jibu la mchanganyiko bora: ya kuangalia kwanza

Ukikaa kwenye swali la mlaji na bajeti yake, yaani anunue kiasi gani cha kila bidhaa ili fedha zake zimpe ridhaa kubwa kuliko zote, anza na vizio. Kama mapato yameandikwa kwa shilingi na bei kwa maelfu, geuza vyote viwe kitu kimoja. Halafu chora mstari wa bajeti, yaani michanganyiko yote inayomaliza mapato yake, hata kama hukuombwa: ncha zake mbili ni mapato yote kugawa kwa bei ya kila bidhaa. Usipindue mteremko. Bidhaa ikiwa kwenye mhimili wa chini, bei yake ndiyo inayokaa juu unapogawa bei kwa bei.

Sasa mkondo wa ridhaa sawa, yaani mstari wa michanganyiko yote inayomridhisha mlaji kwa kiwango kilekile. Mteremko wake unakwambia yuko tayari kuacha kiasi gani cha bidhaa moja ili apate nyingine. Pale mkondo unapougusa mstari wa bajeti bila kuukata, kile anachokubali kuacha kinalingana na kile ambacho soko linamtaka aache, na kwa kawaida hapo ndipo penye mchanganyiko bora. Hilo kila mtu analijua. Linalowaangusha watu ni kudhani kwamba mguso lazima uwepo ndani ya kapu la kweli.

Kijana mmoja tuliyekuwa tukisoma naye Chake Chake alipoteza karibu alama zote za swali hapo hapo, na mahesabu yake hayakuwa na kosa hata moja mpaka mstari wa mwisho. Swali lilihusu nyumba yenye shilingi 20,000. Kilo ya pweza 10,000, fungu la muhogo 2,000. Ridhaa ilikuwa U = (x + 4)y, x ikiwa kilo za pweza na y mafungu ya muhogo.

Alifanya kama tulivyofundishwa. Ridhaa inayoongezwa na pweza ni y, inayoongezwa na muhogo ni x + 4, kwa hiyo mteremko wa mkondo ni y/(x + 4). Bei zinatoa 10,000 kwa 2,000, yaani 5. Akapata y = 5x + 20. Akaitia kwenye bajeti, 10x + 2y = 20 kwa maelfu, na x ikatoka −1, y ikatoka 15.

Pweza hasi kilo moja haliwi. Yeye aliliona hilo, akafuta −1 akaandika 0, lakini y akaiacha 15. Mwalimu akaandika pembeni: "Fedha za muhogo wote huu zimetoka wapi?" Mafungu 15 ni shilingi 30,000, na nyumba ina 20,000.

Kwa hiyo ukiona hasi, usifute namba moja ukaiacha mwenzake. Rudi kwenye bajeti. Pweza akiwa 0, fedha zote zinakwenda kwenye muhogo: mafungu 10. Kisha hakikisha. Hapo mteremko wa mkondo ni 10/4, yaani 2.5. Nyumba iko tayari kuacha mafungu mawili na nusu kwa kilo ya pweza, na soko linataka matano. Hainunui. Hii ndiyo suluhu ya pembeni: mkondo unaufikia mstari kwenye ncha, na miteremko hailingani. Andika ulinganisho huo kwenye karatasi, kwa sababu ndio uthibitisho wako.

Na ukiulizwa pweza ataanza kuingia jikoni lini, jibu limo humo humo. Kwenye ncha ya muhogo mtupu, mteremko lazima ufike 5, kwa hiyo y ifike 20, na hiyo ni bajeti ya shilingi 40,000. Ikipita hapo, mguso unarudi. Kwa 60,000 utapata kilo 1 na mafungu 25, na zote zinalipika. Au bajeti ibaki 20,000 na pweza ashuke, tuseme kwenye bamvua anapopatikana kwa wingi: chini ya 5,000 kwa kilo nyumba itaanza kununua.

Angalia pia umbo la mkondo kabla hujalinganisha miteremko. Ukipewa U = x² + y², mikondo imebinuka kwa nje, na pale inapogusa bajeti ndipo penye ridhaa ndogo kuliko pote kwenye mstari huo; jibu liko kwenye ncha mojawapo. Mikondo ikiwa mistari iliyonyooka, linganisha miteremko tu uone ncha ipi inashinda, na miteremko ikilingana, mchanganyiko wowote kwenye mstari unafaa. Bidhaa zikitumika kwa uwiano usiobadilika, mkondo una kona na kwenye kona hakuna mteremko wa kutafuta, kwa hiyo tia uwiano wenyewe kwenye bajeti. Na swali lolote lile, zidisha jibu lako kwa bei, ujumlishe, uone kama linalingana na mapato kabla hujakabidhi karatasi.