KRA ikikuuliza kuhusu pesa za kazi za mtandaoni: jinsi ya kupanga rekodi na kujibu

Barua ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, huja kwa barua pepe uliyosajilia PIN yako, na mara nyingi haina maneno mengi. Inasema kuwa akaunti yako ya benki ilipokea kiasi fulani mwaka fulani, nawe mwaka huo uliwasilisha ritani ya sufuri. Eleza.

Kabla ya kujibu lolote, soma barua yenyewe ni ya aina gani. Kama inakuomba maelezo na nyaraka, una siku zilizoandikwa humo za kuzileta, na bado hujatozwa kitu. Kama ni arifa ya makadirio, yaani tayari wamekupigia hesabu ya ushuru, saa imeanza kukimbia: una siku 30 za kuwasilisha pingamizi kupitia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Watu wengi hupoteza haki yao hapa, kwa kuandikiana barua pepe na afisa wiki baada ya wiki wakidhani huko ndiko kupinga. Ukiwa na shaka kwamba barua ni ya kweli, nenda nayo kwenye ofisi ya KRA iliyo karibu uulize.

Kwa nini afisa ameona pesa nyingi kuliko ulizopata? Yeye ameanza na taarifa ya benki, akajumlisha kila kilichoingia. Na sheria ya taratibu za ushuru ya 2015 inamwekea mlipa ushuru mzigo wa kuthibitisha kwamba hesabu hiyo si sahihi. Kusema tu kwamba pesa nyingine zilikuwa za chama hakusaidii. Kazi yako ni kuonyesha kila shilingi iliyoingia ilitoka wapi, kwa karatasi.

Tuchukue mfano wa dada anayehariri maandishi kutoka nyumbani kwake Nakuru, akilipwa na wateja wa ng'ambo kupitia jukwaa la kazi la Upwork, kisha huduma ya malipo ya Payoneer, kisha benki. Mwaka 2024 benki yake ilipokea shilingi 2,140,000. Ametakiwa aeleze zote.

Kwanza akusanye taarifa nne za Januari hadi Desemba: ya Upwork, ya Payoneer, ya benki na ya M-Pesa. Upwork ina ukurasa wa Transaction History unaopakuliwa kama CSV, na humo kila malipo yana tarehe, jina la mteja na ada iliyokatwa. Ya M-Pesa anaiomba kwa *334#. Asitume picha za skrini. Afisa hawezi kuzijumlisha, na hazionyeshi mwanzo wala mwisho wa mwaka.

Kisha afungue jedwali moja, kila mstari ukiwa malipo ya mteja mmoja. Safu ziende hivi: tarehe ya kulipwa, kiasi kamili kwa dola, ada ya jukwaa, bei ya dola siku ile, kiasi kwa shilingi, tarehe ya kutoa, na kilichofika benki. Bei ya dola aichukue kwenye tovuti ya Benki Kuu, ambayo huichapisha kila siku ya kazi. Asitumie bei moja kwa mwaka mzima, hasa 2024: Januari dola ilikuwa karibu shilingi 160, na kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Bei moja ya kukisia ingeharibu jumla yote, na afisa angeigundua kwa kupima mistari miwili tu.

Safu mbili za mwisho ndizo zinazookoa. Zinaunganisha dola na amana iliyo kwenye taarifa ya benki, ili pesa ile ile isihesabiwe Payoneer, ikahesabiwa tena benki, na mara ya tatu ikirudi kutoka M-Pesa.

Sasa arudi kwenye taarifa ya benki aweke alama kando ya kila amana. Matokeo yake ni haya: zilizotoka Payoneer ni 1,386,000. Mkopo wa Sacco ni 250,000, na ushahidi ni barua ya mkopo. Zamu yake ya chama ni 180,000, na ushahidi ni ukurasa wa daftari uliotiwa saini na mweka hazina pamoja na michango yake mwenyewe kwenye M-Pesa. Kaka yake alimtumia 204,000 za kujenga nyumba ya wazazi, na risiti za mabati na saruji zipo. Mwisho, 120,000 ni pesa zake mwenyewe alizozitoa M-Pesa na kuzirudisha benki. Jumla ni 2,140,000 kamili. Ikibaki hata amana moja isiyo na maelezo, aiandike hivyo, kwamba haina ushahidi, na aihesabu kama mapato. Kubuni mkopo wa kujazia pengo ni hatari kubwa: kauli ya uongo ya makusudi ina adhabu ya asilimia 75 ya ushuru uliopungua.

Lakini mapato yake si zile 1,386,000. Hapa wengi hukosea kwa kujipunguzia. Mapato ni kile mteja alicholipa kabla ya makato, na katika jedwali lake ni 1,560,000. Ada ya Upwork, asilimia 10 mwaka ule, ni 156,000, nayo ni gharama. Ada za kutoa pesa na tofauti ya bei ya dola ya benki ni 18,000. Intaneti ya kazi ni 48,000. Kompyuta ya 80,000 haitolewi yote mwaka mmoja. Huhesabiwa asilimia 25 kwa mwaka, yaani 20,000. Gharama zote ni 242,000, na faida inayotozwa ni 1,318,000.

Ushuru wa mtu binafsi ni asilimia 10 kwa 288,000 za kwanza, yaani 28,800. Asilimia 25 kwa 100,000 zinazofuata, yaani 25,000. Kisha asilimia 30 kwa 930,000 zilizobaki, yaani 279,000. Jumla ni 332,800. Akiondoa nafuu ya mtu binafsi ya 28,800, anadaiwa 304,000. Kama angekaa kimya na amana zote zikachukuliwa kuwa mapato, angedaiwa 550,600.

Juu yake kuna adhabu ya kuchelewa kulipa ya asilimia 5, yaani 15,200, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Ushuru wa 2024 ulipaswa kulipwa kabla ya Aprili 2025 kuisha, kwa hiyo akilipa mwisho wa Oktoba riba ni ya miezi sita: 18,240.

Akiwa bado kwenye hatua ya kuulizwa, arekebishe ile ritani ya sufuri kwenye iTax, atoe PRN, yaani namba ya malipo, na alipe. Kama hana pesa zote, aombe kulipa kwa awamu, kwa maandishi, akitaja kiasi na tarehe anazoweza kuzitimiza.

Barua ya majibu iwe ya ukurasa mmoja: namba ya barua yao, jumla waliyoitaja, mgawanyo wake, mapato halisi, ushuru unaokubaliwa. Viambatisho vifuate mpangilio huo huo na vipewe namba, na kila mstari wa jedwali utaje namba ya kiambatisho chake. Aitume kwa anwani iliyo kwenye barua, kisha apeleke nakala ofisini igongwe muhuri wa kupokelewa.

Ikiwa makadirio yameshatoka, pingamizi litaje kipengele kwa kipengele anachopinga na sababu, na ushuru asioupinga awe ameulipa au ameiomba KRA muda zaidi wa kuulipa. Bila hayo huhesabiwa si halali. Kamishna ana siku 60 za kuamua, na asiyeridhika ana siku 30 za kwenda kwenye Mahakama ya Rufaa za Ushuru. Faili lile lile lenye viambatisho vilivyopewa namba ndilo atakalolibeba huko.