Bakapu ya simu: kipi kiende Google, kipi kibaki kwenye flashi, na namna ya kujaribu kama kweli kinarudi

Somo hili ni la simu za Android, na nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tuseme ni mama anayenunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe na kuzileta Mbeya mjini. Simu yake ni ya GB 64. Ina picha na video za GB 18, WhatsApp ya GB 4 ukiacha video, na majina 640 ya wakulima, madereva na wateja. Katika zile picha kuna kama GB 3 ambazo ndizo biashara yenyewe: mizani, risiti, mikataba iliyosainiwa shambani.

Akisema "naweka vyote Google", hesabu inamkatalia mapema. Akaunti ya bure ina GB 15, na hizo zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Google Photos. Siku hizi hata bakapu ya WhatsApp inahesabiwa humo. Yeye ana GB 22. Halafu kuna kasi ya kupakia, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kupakua. Mtandao ukipandisha megabiti 2 kwa sekunde, GB 22 zinahitaji zaidi ya siku nzima bila kukatika, na bando linakwenda nazo.

Akisema "basi naweka vyote kwenye flashi", tatizo linageuka. Flashi ina yale tu yaliyokuwepo siku aliyonakili. Mkulima aliyemwandika jana hayumo.

Kwa hiyo mimi hugawa kwa kuuliza swali moja: kitu hiki kinabadilika kila siku, au kikishapigwa hakibadiliki tena? Majina na WhatsApp hubadilika kila siku na si vizito, basi viende Google vyenyewe usiku. Picha hazibadiliki na ni nzito, basi ziende kwenye flashi mara moja kwa mwezi. Zile GB 3 za biashara ziende kote kuwili. Hapo Google inabeba kama GB 7, ambazo kwa kasi ileile ni karibu saa nane za kupakia mara ya kwanza tu, na flashi ya GB 64 inabeba picha zote na nafasi inabaki.

Hatua ya 1: Majina

Fungua majina, gusa jina la mtu mmoja mmoja kama watano hivi, uangalie limehifadhiwa wapi. Likionyesha akaunti yako ya Gmail, liko salama. Likionyesha `Device`, `Phone` au `SIM`, kwa kawaida halipandi Google lenyewe. Watu wengi hawalijui hili mpaka simu imeshaibiwa.

Ya `Device` na `Phone` yatoe kwa `Export` uyapate kwenye faili la `.vcf`, kisha uyaingize tena kwa `Import` ukichagua akaunti ya Gmail. Ya kwenye laini yaingize kwa `Import` ukichagua `SIM`. Faili lile usilifute, linakili pia kwenye flashi. Ukiwa na kompyuta ya Linux unaweza kuhesabu majina yaliyomo:

```
grep -c "BEGIN:VCARD" contacts.vcf
```

Hatua ya 2: WhatsApp

Nenda `Settings`, `Chats`, `Chat backup`. Chagua akaunti ya Google, weka `Daily`, na uache mtandao kuwa `Wi-Fi` kama unaogopa bando. Angalia na kitufe cha `Include videos`: kwa kawaida kimezimwa, kwa hiyo video ulizotumiwa hazipandi. Kwa mama wa parachichi ni sawa kabisa, ila ajue hivyo tangu leo.

WhatsApp pia huweka nakala ndani ya simu yenyewe kila usiku saa nane, na huhifadhi za siku saba za mwisho. Ziko hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Folda nzima ya `com.whatsapp` unaweza kuinakili kwenye flashi. Faili la mazungumzo limefungwa kwa siri. Ukilifungua kwenye kompyuta huoni kitu, na halijaharibika. WhatsApp yenyewe, kwa namba ileile, ndiyo inayolisoma.

Hatua ya 3: Picha za biashara

Tengeneza folda kwenye Google Drive, upakie humo zile GB 3. Kwa kazi hii napendelea Drive kuliko Google Photos. Ukiwasha bakapu ya Photos inapandisha picha zote za kamera, harusi na watoto pamoja, na GB 15 zinajaa haraka. Pia ukifuta picha iliyokwisha kupanda kwa kutumia Photos, inafutika na kule mtandaoni. Ya kwenye Drive haiguswi na kufuta kwako kwenye simu.

Hatua ya 4: Flashi

Unahitaji flashi yenye kichwa kinachoingia kwenye simu, au kile kiunganishi cha OTG. Nakili folda ya `DCIM` nzima. Ukimaliza, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake upande wa simu na upande wa flashi. Kama video moja kubwa imekataa kuingia na nyingine zote zimeingia, huenda flashi ni ya mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili la GB 4 au zaidi. Iformati kwa exFAT, ikiwa simu yako inausoma, kisha unakili upya. Itoe kwa `Eject`, usiivute tu. Na isikae kwenye pochi moja na simu.

Hatua ya 5: Jaribio

Hapa ndipo nataka mtulie. Tafuta simu ya zamani, hata ya kuazima kwa mtu wa nyumbani. Simu yako izime, iweke kabatini, jichukulie kwamba imeibiwa Mwanjelwa asubuhi hii.

Ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa simu ya zamani. Nywila inakubali, halafu Google inasema imetuma ombi la uthibitisho kwenye simu yako, ile iliyoko kabatini. Hapo ndipo wengi wanakwama. Data zote zipo salama na mwenyewe hafiki. Dawa yake ni misimbo ya akiba: kwenye akaunti ya Google, upande wa `Security`, kuna `Backup codes`, misimbo kumi, kila mmoja hutumika mara moja. Iandike kwenye karatasi, ikae nyumbani. Laini unaweza kurudishiwa ukienda na namba ya NIDA na alama za vidole, ila itakuchukua muda.

Ukishaingia, hesabu majina. Tuseme mama anayaona 410. Yamepungua 230, na sasa anajua kwamba hayo yalikuwa bado kwenye `Phone`. Amegundua leo, simu yake ikiwa bado mkononi, kwa hiyo anarudi Hatua ya 1 na kuyahamisha.

Kisha fungua Drive, shusha mkataba mmoja wa zamani na mmoja wa juzi, zima data, uvifungue. Ukiona kipicha kidogo tu cha nje, hujathibitisha kitu. Halafu chomeka flashi kwenye simu hiyohiyo, fungua picha za miezi tofauti na ucheze video moja mpaka mwisho.

WhatsApp iwe ya mwisho, usiku, kwa sababu namba haiwezi kuwa simu kuu mahali pawili. Kwanza washa simu yako, bonyeza `Back up`, subiri imalize, andika tarehe na ukubwa. Hamisha laini kwenye simu ya zamani, sakinisha WhatsApp, thibitisha namba, na ikiuliza gusa `Restore`. Ukipita hapo kwa haraka itabidi uifute na kuisakinisha upya. Maandishi hutangulia, picha na sauti hufuata polepole. Tafuta mazungumzo ya zamani zaidi, cheza ujumbe wa sauti mmoja.

Kabla ya kulala, kwenye simu ya zamani zima bakapu ya WhatsApp kabisa. Ukiiacha inaweza kupandisha nakala yake juu ya ile nzuri ya simu yako. Kisha rudisha laini, thibitisha namba kwenye simu yako bila kuifuta WhatsApp, na mazungumzo yako yatakuwa palepale. Usirudierudie jaribio hili usiku mmoja, maana ukiomba msimbo mara nyingi unasubirishwa. Mwisho ondoa akaunti yako kwenye simu ya kuazima na uifute WhatsApp.

Maswali ya wanakikundi

*Mwanakikundi wa Iringa:* Shikamoo mwalimu. Mimi nimeweka memori kadi ndani ya simu na picha zote zinaingia humo. Hiyo si bakapu tayari?

Marahaba. Hapana, mwanangu. Simu ikienda, kadi inaondoka nayo. Tena ukiwa umeiunganisha kuwa sehemu ya kumbukumbu ya ndani ya simu, inafungwa kwa siri ya simu hiyo. Ukiitoa na kuiweka kwenye simu nyingine haisomeki, hata kama kadi ni nzima. Ichomoe leo ujaribu kwenye simu ya mwenzako, lakini kwanza hakikisha kwenye mipangilio ya kuhifadhi kwamba imewekwa kama kadi ya kawaida.

*Mwanakikundi wa Tukuyu:* Huku mvua ikinyesha mtandao unakufa, bakapu ya WhatsApp inafika nusu inakata. Natumia WhatsApp Business.

Pole dada. Mara ya kwanza ndiyo nzito, ukifika mjini tafuta waifai umalizie huko. Wakati unasubiri, nakili kwenye flashi folda yako, ambayo kwa Business ni tofauti:

```
Android/media/com.whatsapp.w4b/WhatsApp Business
```

Folda ya WhatsApp ya kawaida usiishughulikie, mazungumzo ya Business hayamo.

*Mwanakikundi wa Njombe:* Kaka, nimewasha ile bakapu ya WhatsApp yenye nywila ya siri. Nywila nimeisahau. Google hawawezi kunisaidia?

Hawawezi, na WhatsApp vilevile hawawezi, hawana ufunguo wako. Lakini kama simu bado unayo na WhatsApp inafunguka, hujapoteza kitu. Ingia `End-to-end encrypted backup` ubadilishe nywila ukiwa hapohapo, kisha bonyeza `Back up` upya. Fanya hivyo kabla hujaigusa simu kwa jambo lingine lolote, na usiisakinishe upya.

*Mwanakikundi wa Makambako:* Mimi nimewasha tu `Backup` ya Android kwenye mipangilio. Inasema imekamilika. Nahitaji zaidi ya hapo?

Unahitaji. Hiyo hubeba ujumbe mfupi, orodha ya simu zilizopigwa, mipangilio na data za baadhi ya programu, na hurudishwa wakati unaiwasha simu mpya kwa mara ya kwanza. Simu mpya ikiwa na Android ya toleo la chini kuliko ya zamani, inakataa kurudisha. Na simu ikikaa siku 57 bila kutumika, nakala hiyo inaweza kufutwa. Kwa hiyo ikiharibika ukaipeleka kwa fundi, usisubiri miezi miwili ndipo ununue nyingine.

*Mwanakikundi wa Uyole:* Flashi yangu niliijaza mwaka jana. Niijaribu tena au ilishapita?

Ijaribu tena. Chomeka, fungua mafaili ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Yakikawia kufunguka, au picha ikitoka nusu na nusu ya kijivu, nunua nyingine na unakili kutoka kwenye simu, usinakili kutoka kwenye ile flashi inayougua. Kama simu haina tena picha hizo, basi hamisha kwanza zile usizoweza kuzipata tena, moja moja, kabla ya kuzigusa nyingine.