Kabla hujakitia jazmu kitenzi chenye shada mwishoni

Huu ni ukaguzi wa kufanya kabla ya kuandika Kiarabu kwa mkono wako mwenyewe, iwe insha ya darasani, barua, au majibu ya mtihani wa nahau. Unahusu vitenzi vya mudhaafu, vile ambavyo herufi ya pili na ya tatu ya asili ni moja: madda (alinyoosha), radda (alirudisha), marra (alipita), dalla (alionyesha), farra (alikimbia). Herufi mbili zinazofanana zimekumbatiana chini ya shada moja, ya kwanza ina sukuni na ya pili ina irabu. Ukishaliona hilo, mengine yote ni kuuliza swali moja: sukuni mpya inaangukia wapi?

Kwanza, thibitisha kwamba kitenzi ni cha mudhaafu kweli. Shada peke yake haitoshi. Raddada (alikariri) ina shada katikati na dali nyingine huru mwishoni. Hiyo haina matatizo, inakwenda raddadtu na lam yuraddid kama kitenzi chochote. Swallaa ina shada lakini mwisho wake ni herufi ya illa, kwa hiyo ni swallaytu. Ukiwa na wasiwasi, Kiswahili chenyewe kinakusaidia, maana majina tuliyoyapokea yanazionyesha herufi zote mbili zikiwa zimetengana: dalili inakufunulia dalla, halali inakufunulia halla, hafifu inakufunulia khaffa, azizi inakufunulia 'azza. Lakini ukitazama vitenzi tulivyovipokea, yaani kudhani, kudhuru, kushuku, kuhisi, shada imeyeyuka kabisa. Masikio yetu yamezoea kuishi bila shada, na tutaona hapo mbele jinsi mazoea hayo yanavyoponza.

Kwa madhi, usibabaike. Katika sura 14 za kitenzi, tano zinabaki na shada: madda, maddaa, madduu, maddat, maddataa. Tisa zilizobaki zinaachanisha: madadna (wao wanawake), madadta, madadtumaa, madadtum, madadti, madadtumaa tena, madadtunna, madadtu, madadnaa. Sababu ni kwamba tu, ta, ti, naa na na za wanawake ni viambishi vyenye irabu vinavyoilazimisha herufi iliyo kabla yao iwe na sukuni. Dali ya kwanza tayari ina sukuni, ya pili nayo inatakiwa iwe na sukuni, na sukuni mbili hazikai pamoja hapo. Kwa hiyo dali ya kwanza inarudishiwa irabu yake ya asili na shada inavunjika. Katika madhi hakuna hiari.

Mitego hapa ni mitatu. Wa kwanza ni kuiona ta ya maddat ukadhani ni ndugu yake tu, ukaandika «madadat». Siyo, ta ya mwanamke ndiyo yenye sukuni, na dali iliyo kabla yake ina fataha, basi shada inatulia mahali pake. Wa pili ni «maddaytu». Hiyo utaisikia sana kutoka kwa jamaa waliokulia Maskati au Dubai, kwa sababu lahaja za kule husema raddeet na maddeet, wakikifuata kitenzi cha swallaytu. Kuzungumza hivyo sokoni hakuna ubaya. Kwenye Kiarabu fasihi ni kosa.

Mtego wa tatu ni irabu inayorudi. Si kila mara fataha. Itazame mudhari yake: ikiwa ni yamuddu au yafirru, madhi inarudi na fataha, madadtu na farartu. Ikiwa mudhari ina fataha katikati, kama yamassu (anagusa), yashammu (ananusa), yamallu (anachoka nalo), basi madhi inarudi na kasra: masistu, shamimtu, maliltu. Kwa Mswahili jambo hili linauma zaidi kwenye maneno mawili ambayo sisi tunayaandika yote kwa dh. Dhalla kwa dhadi, yaani alipotea, mudhari yake ni yadhillu, na madhi ni dhalaltu. Dhwalla kwa dhwaa, yaani aliendelea kuwa hivyo, mudhari yake ni yadhwallu, na madhi ni dhwaliltu. Na usishangae ukikuta dhwalta katika Sura ya Taha, aya ya 97, ambapo lamu moja imedondoshwa kabisa. Huo ni wepesi uliosikika kwa Waarabu, unausoma kama ulivyo, lakini usiufanye kanuni ukaanza kuandika «madtu».

Sasa jazmu. Hapa ndipo watu wanapoungua.

Mudhari ya madda ni yamuddu. Asili yake yamdudu. Dhumma ya dali ya kwanza imehamia kwenye mimu ili dali mbili zikumbatiane. Ukileta lam, neno la kukanusha linaloleta jazmu, mwisho wa kitenzi unataka sukuni, na mgongano ni uleule wa sukuni mbili. Tofauti ni kwamba safari hii una njia mbili halali. Ya kwanza ni kuiacha shada na kuiazima dali ya pili irabu: lam yamudda kwa fataha kwa sababu ni nyepesi, au lam yamuddi kwa kasra kwa sababu ndiyo irabu ya kawaida ya kuokoa sukuni mbili. Dhumma pia inaruhusiwa pale ambapo herufi ya kabla ina dhumma, lakini «lam yamuddu» inafanana mno na marfuu, na msahihishaji mwenye haraka atakukata alama. Achana nayo. Njia ya pili ni kuachanisha: lam yamdud. Hapo dhumma inarudi kwenye dali yake na mimu inarudi kwenye sukuni. Ukiandika «yamudud» umeirudisha dhumma bila kuiondoa kule ilikokuwa.

Njia inayokosewa kuliko zote ni ya tatu, ambayo haipo: kutia sukuni na kuifuta shada, «lam yamud». Inatoka wapi? Inatoka kwenye yaquulu. Mwanafunzi amefundishwa kwamba yaquulu ikikutana na lam inakuwa lam yaqul, wawu inadondoka. Anakuja kwenye yamuddu, anaona mgongano wa sukuni mbili, anadondosha dali moja kama alivyodondosha wawu. Sikio lake la Kiswahili, lililozoea kusikia kudhuru badala ya yadhurru, halimstui. Lakini wawu ya yaquulu ni herufi ya illa, inayokubali kufutwa. Dali ni herufi nzima. Haifutwi.

Na madhara yake si ya alama tu. Chukua kitenzi 'adda, ya'uddu, yaani kuhesabu. Kiweke karibu na 'aada, ya'uudu, chenye maana ya kurudi, na pia kumzuru mgonjwa kumjulia hali. Sasa mtu anataka kuandika kwamba daktari hakuwahesabu wagonjwa. Sahihi ni lam ya'uddi t-twabiibu l-mardhaa, kwa kasra kwa sababu neno linalofuata linaanza na alifu lamu, na mbele ya sukuni kasra ndiyo iliyozoeleka. Yeye anadondosha dali moja na kusoma lam ya'udi t-twabiibu l-mardhaa. Sentensi haina ufa wowote wa nahau. Mtenda yupo, mtendwa yupo, irabu zimekaa. Ila imesema kwamba daktari hakuwazuru wagonjwa. Aliyetuhumiwa kutohesabu sasa anatuhumiwa kutofika. Tofauti nzima ilikuwa shada moja juu ya dali.

Ubaya unazidi kwa maandishi yasiyo na irabu, maana sentensi zote mbili zinaandikwa kwa herufi zilezile: yaa, 'ayni, dali. Anayesoma atakisia kwa maana tu, na hapa maana zote mbili zinakubalika. Tiba ni rahisi: andika kwa kuachanisha, lam ya'dud. Dali mbili zinaonekana kwa macho hata bila alama hata moja, na 'aada haiwezi kamwe kutoa dali mbili. Kwa hiyo unapoandika kwenye simu, ambapo wengi hawaweki shada, tumia njia ya kuachanisha kila inaporuhusiwa. Vivyo hivyo kwa lam yardud kutoka radda na lam yamrur kutoka marra. Faida nyingine ni kwamba lam yamudda inafanana herufi kwa irabu na lan yamudda, ambayo ni mansubu. Lam yamdud haichanganyiki na kitu.

Ila kabla hujaachanisha, hesabu sura zako. Hiari hiyo ipo kwenye sura tano tu ambazo hazina kiambishi mwishoni: yamuddu, tamuddu ya mwanamke, tamuddu ya wewe, amuddu, namuddu. Sura saba zenye alifu ya wawili, wawu ya wengi au yaa ya wewe mwanamke zinadondosha nuni tu, na shada haiguswi: lam yamuddaa, lam yamudduu, lam tamuddii. Ukiandika «lam yamduduu» umeachanisha pasipo sababu, kwani dali ya pili hapo ina irabu yake na hakuna sukuni iliyogongana. Na zile mbili za wanawake, yamdudna na tamdudna, zimeachana tangu mwanzo na lam haizibadilishi chochote.

Usitafute ipi kati ya njia mbili ndiyo «Kiarabu safi». Kuachanisha kulikuwa desturi ya Hijazi, kukumbatisha kulikuwa kwa Tamimu, na Kurani inazo zote. Al-Baqara aya ya 217 ina yartadid. Al-Maida aya ya 54, kwa kisomo cha Hafsi kilichozoeleka pwani, ina yartadda, na hiyohiyo kwa kisomo cha Nafii ni yartadid. An-Nisaa 115 ina yushaaqiq, Al-Hashri 4 ina yushaaqqi llaaha, yenye ile kasra ya kuokoa mbele ya alifu lamu. Kwenye kisomo, soma ulivyopokea. Hiari ni ya insha yako, si ya msahafu.

Yaliyobaki ni ya kuchunga tu. Vitenzi vilivyoongezwa herufi vinafuata njia hiyohiyo: ahabba inatoa ahbabtu na lam yuhbib, istamarra inatoa istamrartu na lam yastamrir. Laa ya kukataza, lamu ya kuamrisha na in ya sharti zote zinaleta jazmu, kwa hiyo usiikague lam peke yake. Amri nayo ina njia mbili, mudda au umdud, na alifu ya mwanzo inakuja pale tu unapoachanisha; «umudda» haipo. Ukichagua njia moja katika ukurasa, baki nayo, na ukinakili kutoka kwa mtu, tazama kwanza kama shada zake aliziweka mwenyewe au zimerukwa.