Jinsi ya kuandika makala ya maoni ya mwanzilishi kwa sauti yake, ukianza na daftari la mahojiano

Wiki iliyopita nilikaa na mwenzangu aliyepewa kazi ya kuandika makala ya gazeti itakayotoka kwa jina la mwanzilishi wa kampuni. Alichokuwa nacho ni kurasa nne za mahojiano zilizoandikwa haraka haraka. Njia niliyomwonyesha ni hii.

1. Pata jambo moja

Makala ya maneno 700 au 800 haibebi hoja tatu. Muulize mwanzilishi: nani atakasirika akiisoma? Akikosa jibu, mlichonacho ni tangazo. Mwanzilishi niliyewahi kumwandikia anakodisha matangi ya kupozea maziwa. Jambo lake lilikuwa moja: vituo vya kukusanyia maziwa vifunguliwe na jioni.

2. Tenganisha maneno yake na yako

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima. Daftari langu lilisema "upotevu wa maziwa ya jioni, miundombinu hafifu". Nikaandika rasimu safi kabisa. Mwanzilishi alipoisoma akaniuliza, "Dada, huyu anayeongea hapa ni nani?" Alikuwa na haki. Yeye hakutamka "miundombinu hafifu" hata mara moja; ni mimi niliyekuwa nikiyafua maneno yake kabla hayajafika kwenye karatasi.

Tangu siku hiyo natumia alama tatu. Maneno aliyoyatamka yeye nayafunga kwa alama za kunukuu. Muhtasari wangu nauanza kwa kistari. Wazo langu mwenyewe naliwekea herufi M ndani ya duara. Naandika kwa kalamu, na simu inarekodi kwa ruhusa yake. Kompyuta siifungui, kwa sababu mtu akiona skrini mbele yake huanza kuhutubia.

Kama daftari limeshaandikwa bila alama na hakuna rekodi, lipitie siku hiyohiyo. Weka nukuu pale tu ambapo bado unaisikia sauti yake sikioni. Usikisie, maana baada ya siku chache kumbukumbu itakuletea maneno yako ukidhani ni yake. Kisha mpigie simu ya dakika kumi na tano. Usimuulize "ulimaanisha nini?", kwa kuwa atakupa maelezo ya mkutanoni. Mwambie, "Nisimulie tena yule mama aliyemwaga ndoo." Watu wakisimulia, lugha yao hurudi. Mimi nilipomwomba hivyo, ndipo ilipotoka sentensi iliyobeba makala yote: "Ng'ombe hajui saa za ofisi."

Hata hivyo, si kila neno lililonukuliwa ni sauti. Kina "yaani" na "unajua" yaache. Ukiyajaza utakuwa unamwigiza. Angalia anavyopanga mambo. Huyu alianza na ng'ombe, akaja kwa mfugaji, tarakimu akaziweka mwisho. Alijiuliza maswali na kuyajibu mwenyewe kwa sentensi fupi. Methali hakutumia hata moja, kwa hiyo nami sikumwekea.

3. Andika rasimu ukianzia kwenye nukuu

Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Wafugaji wadogo wanakabiliwa na changamoto ya upotevu wa maziwa kutokana na miundombinu hafifu."

Ya pili: "Ng'ombe hajui saa za ofisi. Anakamwa asubuhi, anakamwa jioni. Maziwa ya asubuhi yana kituo. Ya jioni yanakwenda wapi? Yanalala kwenye ndoo, na alfajiri mama anayamwaga."

Hoja ni ileile. Sentensi ya kwanza na ya nne ni zake neno kwa neno. Nyingine nilizipima kwa urefu wa zake.

4. Asome yeye, kwa sauti

Usimtumie tu faili. Mwombe asome wewe ukisikiliza, na upige mstari kila anapojikwaa. Akibadilisha neno, chukua lake hata kama lako ni zuri zaidi. Isipokuwa analainisha kwa woga: huyu alitaka kumalizia na "wadau wote washirikiane". Nikamuuliza, "Nani hasa afungue kituo jioni?" Akasema, "Chama cha ushirika." Tukaandika hivyo.

5. Hakiki, kisha tuma

Alisema maziwa huharibika ndani ya saa mbili. Sivyo: saa mbili baada ya kukamua ni muda unaoshauriwa kuyafikisha kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Nilimpigia, tukarekebisha sentensi pamoja, kwa sababu jina litakaloulizwa ni lake.

Mwisho wa makala weka mstari unaosema kwamba mwandishi anakodisha matangi hayo. Alisita kidogo, akihofia kuonekana anajipigia debe. Nilimwambia kwamba mhariri atagundua tu, na ni bora alisikie jambo hilo kwake yeye kwanza.