Pilau ya watu wanne kuifikisha kwa watu kumi na wawili

Pilau ninayoanzia inatosha watu wanne: mchele vikombe 2, nyama ya ng'ombe nusu kilo, vitunguu maji 3, viazi 4, mafuta nusu kikombe, supu vikombe 3 na nusu, pamoja na tangawizi, thomu na bizari. Inapikwa kwenye sufuria ya upana wa sentimita 20. Wageni wakiwa 12, wengi huzidisha kila kitu mara tatu, kisha pilau inatoka mashendea. Kosa kubwa huwa kwenye maji.

Hatua ya 1: Sufuria. Usitafute yenye upana mara tatu. Sufuria ya sentimita 30 kwa upana na kina cha 14 hivi inaingiza karibu lita 10, na hiyo inatosha. Kama hujui ukubwa wa yako, jaza maji kwa jagi la lita moja ukihesabu. Chakula kikishaiva kisizidi theluthi mbili za kina, maana lazima upate nafasi ya kugeuza bila kuvunja mchele. Sufuria nyembamba yenye kina kirefu iache: mchele wa chini huelemewa na wa juu, ukalainika kabla wa juu haujaiva.

Hatua ya 2: Vipimo. Mchele vikombe 6, nyama kilo moja na nusu, vitunguu 9, viazi 12. Hivyo vinaliwa, kwa hiyo vinafuata idadi ya watu. Mafuta kikombe kimoja kinatosha, kwa sababu kazi yake ni kukaangia, na kitako cha sufuria hakijaongezeka mara tatu. Karafuu, mdalasini na pilipili manga anza na mara mbili tu. Vitakaa motoni muda mrefu zaidi na vikizidi huwezi kuvitoa. Bizari nzima na iliki unaweza kuzidisha mara mbili na nusu.

Hatua ya 3: Supu. Katika vile vikombe 3 na nusu, mchele wangu hunywa kama 3, yaani kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele. Nusu kikombe kinachobaki hupotea kwa mvuke. Sasa mchele ukiwa vikombe 6 utakunywa 9. Mvuke karibu hauongezeki, kwa kuwa sufuria bado ni moja na mfuniko upo. Kwa hiyo weka vikombe 9 na nusu. Ukizidisha mara tatu utapata 10 na nusu, na hicho kikombe kimoja cha ziada ndicho kinachoharibu pilau.

Hatua ya 4: Muda. Nyama ukiikata vipande vya ukubwa uleule itaiva kwa muda uleule, tangu ianze kuchemka. Kinachochelewa ni kufikia kuchemka. Vitunguu 9 ukivimimina vyote pamoja vitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na pilau itakosa rangi. Vikaange kwa mafungu matatu mpaka viwe kahawia.

Ukishatia mchele, supu ikianza kuchemka tena, punguza moto na ufunike. Maji yakikauka juu, geuza mara moja kwa mwiko ukianzia pembeni, kisha palia makaa juu ya mfuniko na ubakize machache chini. Ile ndogo hutosheka na dakika 15. Hii ipe 25 mpaka 30.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sina sufuria kubwa, ninazo mbili za wastani. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Kaanga vitunguu na uchemshe nyama kwa pamoja, kisha ugawe sawasawa. Kila sufuria ipate mchele vikombe 3 na supu vikombe 5. Ukijumlisha ni vikombe 10, kwa sababu sasa midomo inayotoa mvuke ni miwili.

*Mimi napikia gesi, siwezi kupalia. Juu hubaki na kiini, chini ukoko.*

Moto wa gesi unapiga katikati tu. Maji yakikauka, weka chuma cha chapati juu ya jiko, sufuria juu yake, moto uwe mdogo kabisa. Funika kwa karatasi ya foili chini ya mfuniko. Kama kiini kimeshatokea, nyunyizia nusu kikombe cha maji ya moto juu, funika dakika 10, usikoroge. Maji ya baridi yatapoza chungu chote.

*Dada, na chumvi je?*

Tia mara mbili na nusu ya ile ya mwanzo, halafu onja supu kabla ya mchele kuingia. Supu iwe na chumvi iliyozidi kidogo kuliko unavyopenda kuinywa, kwa maana mchele na viazi vitaipunguza. Ikiwa sawa kabisa mdomoni wakati huo, pilau itapooza.