Kabla ya kuamua nani aamshwe: hitilafu za kuhuisha ripoti ya stoki

Bosi wetu ni muuzaji wa jumla wa unga na sukari, bohari yake iko Industrial Area hapa Nairobi. Kila asubuhi saa kumi na mbili anafungua ripoti ya stoki kwenye simu, kisha anaamua lori lipi lipakie la Githurai na lipi la Kayole. Ripoti hiyo inasoma `MATERIALIZED VIEW` ndani ya PostgreSQL, na seva inaihuisha kila baada ya dakika 15. Nilipoiweka mara ya kwanza niliamua kwamba kila hitilafu itume meseji. Jumapili moja intaneti ya bohari ikawa inakatika na kurudi, naye akapokea meseji kumi na moja kabla ya chai. Jumatatu akaniambia, "Kijana, zile kelele zako nimezizima." Alhamisi ikaja hitilafu ya kweli, na hakuna aliyeiona mpaka lori likarudi nusu tupu. Ndipo nikakaa chini na kuyapanga haya niliyopaswa kuyapanga kabla.

Kwanza, fahamu kinachotokea kuhuisha kukishindwa: hakuna kinachovunjika machoni pa msomaji. Data ya zamani inabaki palepale na ripoti inafunguka vizuri, ila namba ni za muda uliopita. PostgreSQL yenyewe haikutunzii saa ya mara ya mwisho kuhuisha kulipofaulu, kwa hiyo tengeneza jedwali lako la logi na uandike kila jaribio, lililofaulu na lililoshindwa. Mstari wa kushindwa uandikwe kwa muamala mwingine, si ule ulioshindwa, la sivyo utafutika pamoja nao. Na saa utakayoihesabia umri wa data ni saa ya kuanza, si ya kumaliza. Ikiwa kuhuisha kulianza saa kumi kasorobo na kukachukua dakika 20, ripoti inaonyesha bohari ilivyokuwa saa kumi kasorobo. Mimi nilikosea hapo kwa miezi, nikijisifu kuwa data yangu ni mbichi.

Jambo la pili ndilo kubwa, na jibu lake analo mwenye ripoti: namba zikiwa na umri gani haziwezi tena kutumika? Usimuulize anataka kupashwa habari lini, maana atasema kila wakati. Muulize anafanya nini na ripoti, na saa ngapi. Bosi wetu alisema stoki ya saa moja nyuma bado anaweza kupakia nayo. Ikizidi hapo anapiga simu bohari wahesabu magunia kwa macho. Mimi nikifika kwenye kompyuta nahitaji kama dakika 20 kurekebisha tatizo la kawaida. Dakika 60 toa 20, inabaki 40, na hapo ndipo tahadhari itoke.

Sasa tazama hesabu hiyo inavyochuja kelele. Kuhuisha kwetu huchukua dakika 3. Tuseme mara ya mwisho kufaulu ilianza saa kumi na dakika 45 alfajiri. Jaribio la saa kumi na moja likishindwa na la saa kumi na moja na robo likafaulu, umri wa data hauzidi dakika 33. Huo ni mstari wa logi, hakuna wa kuamshwa. Majaribio yote mawili yakishindwa, saa kumi na moja na dakika 25 umri unafika 40, meseji inatoka, nami nina nafasi ya kurekebisha kabla bosi hajafungua simu. Kinachopimwa ni umri, na swali lenyewe ni fupi:

```sql
SELECT extract(epoch FROM now() - max(ilianza)) / 60 AS dakika
FROM logi_ya_kuhuisha
WHERE jina = 'stoki' AND hali = 'sawa';
```

Jibu likiwa tupu, yaani `NULL`, lihesabu kuwa tahadhari. Mtego huu ni wa kijinga lakini unanasa: `NULL` ukiilinganisha na 40 haiwi kubwa wala ndogo, basi ukaguzi unapita kimya.

Kupima umri kuna faida nyingine ambayo kuhesabu hitilafu hakuna. Ratiba ikisimama kabisa, labda seva iliwashwa upya na `cron` haikurudi, hakuna hitilafu ya kuandikwa popote. Umri peke yake ndio unaoendelea kupanda. Ndiyo maana ukaguzi huu usikae kwenye seva ileile inayohuisha. Ikizimika, mlinzi naye amelala.

Tatu, tenganisha hitilafu inayopona yenyewe na isiyopona. Soma namba ya kosa inayoitwa SQLSTATE, si maneno ya ujumbe. `08006` ni muunganisho kukatika, `40P01` ni miamala miwili kukwamishana, na `55P03` ni kufuli kutopatikana ndani ya muda uliouweka kwenye `lock_timeout`. Hii ya mwisho sisi huiona sana mwisho wa mwezi: kuhuisha kunachukua zaidi ya dakika 15, jaribio linalofuata linakuta lililotangulia bado linaendelea, nalo linaondoka. Hizi tatu ziache kwenye logi na uziachie kipimo cha umri.

Zile zisizopona hazina sababu ya kusubiri dakika 40, kwa sababu jaribio la pili litagonga ukuta uleule. `28P01` ni nywila kukataliwa. `42501` ni ruhusa kuondolewa, na ndiyo iliyotupata ile Alhamisi: mtu alisafisha ruhusa za jedwali la mauzo, na mwenye view akabaki nje. Pia kuna `21000`, inayowashangaza wanaotumia `REFRESH MATERIALIZED VIEW CONCURRENTLY`. Data mpya ikiwa na mistari miwili inayofanana kabisa, bila `NULL` ndani yake, kazi yote inakataliwa. Kwetu chanzo kilikuwa risiti iliyoingizwa mara mbili, na haikutoka mpaka mtu alipoifuta kwa mkono.

Saa nazo zipange. Kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri hakuna anayeisoma ripoti yetu, kwa hiyo hata `42501` ya saa tano usiku inaandikwa tu, kisha ukaguzi wa saa kumi na moja unaituma. Angalia seva yako inatumia saa ipi. Yetu iko UTC, saa tatu nyuma ya Nairobi, hivyo saa kumi na moja alfajiri kwenye `cron` ni `0 2 * * *`. Wa kwanza kuandika `0 5` alikuwa mimi, na tahadhari ikawa inafika saa mbili asubuhi, lori lishapita Thika Road.

Mwisho ni maneno ya meseji yenyewe. Namba ya kosa ije kwangu, bosi haimhusu. Yake sasa inasomeka hivi: "Stoki unayoiona ni ya saa kumi na dakika 45 alfajiri. Mauzo ya baada ya hapo hayamo. Ikifika saa kumi na mbili bila meseji ya pili, pigia bohari kabla ya kupakia." Tatizo likiisha inafuata ya pili, moja tu: "Stoki iko sawa." Tangu tuibadilishe hivyo amewasha tena sauti ya simu, ingawa Jumapili bado ananiuliza kama intaneti ya bohari imelipiwa.