Kabla ya kupima CrAg: mirija, matone na maana ya 1:160

Kipimo cha stripu cha CrAg hutambua antijeni ya fangasi wa kriptokoka katika seramu au maji ya uti wa mgongo. Hakihitaji umeme, kwa hiyo hata ukikatika huko Mkoani kazi inaendelea. Mlengwa wa kwanza ni mwenye VVU ambaye CD4 zake ziko chini ya 100. Uwezo ukiruhusu, chini ya 200.

Kabla ya kufungua kopo la stripu, hakikisha pipeti inapima 40 na 80, kwa maikrolita, na ncha ni za kutosha. Kopo lifungwe mara tu stripu ikitoka, maana unyevunyevu wa pwani unaziharibu. Kipimo cha kawaida ni tone 1 la kizimuo na maikrolita 40 za sampuli. Chovya stripu, soma baada ya dakika 10. Mistari miwili ni chanya, hata wa mgonjwa ukiwa hafifu. Mstari wa udhibiti usipotokea, rudia.

Usiuchukulie mstari hafifu kuwa ni antijeni kidogo. Antijeni ikizidi mno, mstari hufifia au hupotea kabisa, na ni kuzimua tu kunakoufichua. Basi tayarisha mirija 10: wa kwanza matone 4 ya kizimuo cha sampuli, mingine matone 2 ya kizimuo cha mfululizo, ambacho kiko kwenye chupa yake. Tia maikrolita 40 za sampuli katika wa kwanza (1:5), changanya, hamisha 80 kwenda wa pili (1:10), na kuendelea hadi wa kumi (1:2560), ambao unatoa 80 za mwisho na kuzimwaga. Badilisha ncha kila mrija, la sivyo antijeni inabebwa mbele na namba inapanda kwa uongo.

Tuseme mgonjwa wa Chake Chake ana CD4 64, haumwi kichwa, na seramu inaonyesha mstari hadi mrija wa 6. Hiyo ni 1:160. Kuanzia hapo uwezekano wa fangasi kufika kwenye ubongo hupanda sana, ingawa namba ndogo nayo haikutoi wasiwasi: kila seramu chanya inadai kuchomwa uti wa mgongo, dalili ziwepo zisiwepo. Wakati huo pima na shinikizo la maji hayo.

Maji yakiwa chanya, hata kwa 1:5, ni homa ya uti wa mgongo. Usingoje namba kubwa. Yakiwa hasi, mgonjwa hupewa flukonazo miligramu 800 kwa siku kwa wiki 2, kisha 400 kwa wiki 8, kisha 200. Akiwa na homa hiyo, ARV husubiri wiki 4 hadi 6.

Kurudia kipimo ili kuona kama dawa inafanya kazi ni kupoteza stripu: antijeni hukaa mwilini miezi mingi baada ya fangasi kufa. Maumivu ya kichwa yakirudi, otesha maji ya uti maabara na upime shinikizo.